Daftari la wageni si leja ya misaada

Nimefunga hesabu za vituo vya kulelea watoto kwa miaka mingi, hasa Morogoro na Dodoma, na mwezi huu nimeambiwa kwa mara ya tatu maneno yale yale: "Mhasibu, vitu hivi tumepewa bure, sasa tuandike shilingi ngapi?" Kisha ninaoneshwa daftari la wageni, ambamo mtu ameandika jina lake, namba ya simu na maneno "Mungu awabariki", na ninaambiwa kwamba hiyo ndiyo kumbukumbu ya misaada.

Kitu kupewa bure maana yake ni kwamba hamkulipa, si kwamba hakina thamani. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa sekta ya umma, IPSAS 23, ambacho baadhi ya taasisi zisizo za kiserikali zilikifuata hata pale zisipolazimishwa, kilitaka mali ya msaada ithaminiwe kwa thamani yake halisi ya siku ilipopatikana. Msaada huo ni mapato siku mnapoupokea, na ni matumizi siku unapotoka stoo. Sitalieleza zaidi suala la debiti na krediti. Aliyesoma uhasibu analijua, na asiyesoma anahitaji kwanza kuandika vizuri.

Leja ya misaada huwa na safu tatu: mtoaji, thamani na vilikokwenda. Kinachonichosha ni ile safu ya "thamani". Wengi huijaza kwa bei iliyotajwa na mtoaji, mara nyingi mbele ya kamera, au kwa bei iliyobandikwa kwenye pakiti. Hizo ni habari muhimu na mimi huziambatisha kwenye hati ya kupokelea, lakini si thamani. Thamani ninayoitafuta ni ile ambayo kituo kingelipa, siku ile, katika soko kinalonunulia, kwa kitu cha namna ile na katika hali ile. Maneno "katika hali ile" ndiyo yanayosahaulika.

Chukueni kisa kimoja. Msambazaji alileta pakiti 200 za unga wa lishe za kilo moja, pamoja na barua iliyosema kwamba msaada ule una thamani ya shilingi 900,000, yaani shilingi 4,500 kwa pakiti, bei ya dukani. Mtunza stoo aligeuza pakiti, akasoma tarehe ya mwisho wa matumizi, na kukuta zimebaki siku 42. Nikawapigia wafanyabiashara watatu wa sokoni kuwauliza unga wa aina ile wenye muda mfupi namna hiyo huuzwa bei gani. Jibu lilizunguka kwenye nusu ya bei. Tukaandika shilingi 2,250 kwa pakiti, jumla shilingi 450,000, na chini yake tukaeleza tulimuuliza nani, lini, na kwa nini bei ilishushwa. (Kwa dawa hali ni ngumu zaidi: miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka dawa ya msaada iwe na angalau mwaka mmoja wa uhai inapofika nchini, kwa hiyo huko swali la kwanza si bei bali kama mpokee au mkatae.)

Meneja wa kituo alikasirika, akaona nimemdhalilisha mfadhili. Nilimwambia kwamba barua ya shukrani haina haja ya kutaja fedha. Itaje pakiti 200 za kilo moja, na mfadhili aweke katika vitabu vyake bei anayoona inafaa.

Sasa twende kwenye safu ya tatu, ile ya "vilikokwenda", ambayo watu wengi huijaza kwa neno moja: "watoto". Kosa hapa ni la umbo. Msaada mmoja huingia kwa mstari mmoja lakini hutoka kwa mistari mingi, kwa hiyo haiwezekani mtoaji, thamani na mwisho wa safari vikae kwenye mstari mmoja wa daftari. Kila shehena inayoingia ipewe namba yake, na kila hati ya kutolea itaje namba hiyo. Unga wetu, baada ya siku 42, ulisomeka hivi: jiko lilipika pakiti tatu kila siku, jumla 126, sawa na shilingi 283,500, pakiti 50 zilipelekwa mapema kituo jirani kwa hati iliyosainiwa pande zote mbili, shilingi 112,500, na pakiti 24 zilipita tarehe zikateketezwa mbele ya mashahidi wawili, shilingi 54,000. Jumlisheni: pakiti 200, shilingi 450,000.

Zile 24 ndizo meneja alizotaka "zimezwe" ndani ya hesabu ya jiko. Nilikataa, na si kwa ukali wa tabia yangu tu. Mkaguzi makini akigawanya unga kwa siku na kwa idadi ya watoto, ataona mwezi mmoja jiko limepika zaidi kuliko kawaida bila watoto kuongezeka, na hapo ataanza kutilia shaka hata yale yaliyo sahihi. Hasara iliyoandikwa kama hasara humaliza swali lake.

Kuhusu mtoaji nitasema kwa ufupi. Anayetoa sadaka kwa siri aheshimiwe: andikeni "hakupenda kutajwa", tarehe, aliyepokea na shahidi mmoja, lakini nafasi isiachwe wazi. Kikundi kiandikwe kwa jina la kikundi na la aliyekabidhi.

Hofu kubwa ninayokutana nayo ni kwamba mapato yakionekana makubwa, wafadhili watadhani kituo kina fedha. Ndiyo sababu misaada ya vitu hukaa kwenye mstari wake, mbali na fedha taslimu. Kinyume chake ndicho kinachowaumiza: kituo ambacho nusu ya chakula chake huletwa wakati wa Ramadhani na Krismasi, kisha kikaandaa bajeti kwa risiti za manunuzi peke yake, hufika miezi mingine bila wageni na bila fedha, kwa sababu hakikuwahi kujua gharama halisi ya kumlisha mtoto mmoja.

Kuna mahali ambapo mimi mwenyewe sina uhakika. Nguo za mitumba ninazithamini kwa kilo, kwa kufuata bei ya belo la daraja linalokaribiana nazo, na najua kwamba koti zuri moja linaonewa na fulana kumi zilizochakaa zinapendelewa. Saa za daktari anayejitolea siziingizi kwenye mapato; IPSAS 23 haikulazimisha, nami huandika saa tu kwenye maelezo ya hesabu, ingawa wenzangu wawili ninaowaheshimu wanafanya tofauti. Kisha upo mchele. Ukishamiminwa kwenye pipa moja na ule ulionunuliwa, haukumbuki nani aliuleta, na hati inayosema kwamba leo watoto wamekula mchele wa mtu fulani ni dhana tu: tunahesabu kwamba uliotangulia kuingia ndio uliotangulia kutoka. Naiandika dhana hiyo wazi kwenye ukurasa wa kwanza wa leja. Mfadhili akitaka kwa dhati kufuatilia mchele wake hadi sahani ya mwisho, huwa naomba magunia yake yawekwe kando na yasifunguliwe mpaka pipa liwe tupu.