Mrabaha wa asilimia kumi ya nini? Kusoma mkataba wa kitabu kabla ya kusaini

Waandishi wanaotuletea malalamiko hapa Tanga, wa Ngamiani, Muheza, Pangani hata Lushoto, huja na hadithi moja. Kitabu kilitoka, fedha kidogo zikalipwa mwanzoni, halafu miaka ikapita bila shilingi nyingine. Mlalamikaji anaamini ameibiwa. Tukifungua bahasha na kusoma mkataba, mara nyingi tunakuta hakuibiwa. Alisaini.

Tuondoe kwanza dhana moja inayotuchosha, kwamba usajili unamwokoa mwandishi na mkataba aliousaini. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ni jambo jema, kwa kuwa kunakupa ushahidi kwamba kazi ni yako. Hakufuti mkataba. Ukishakabidhi haki zako kwa maandishi na kutia saini, cheti cha usajili hakitazirudisha, na kutuletea nakala tatu za cheti hicho hakubadilishi kitu.

Chukua mfano ufuatao, ambao tumeuunda kutokana na mikataba ya aina tunayoiona kila siku. Mwalimu mstaafu wa Muheza ameandika riwaya. Mkataba unasema atalipwa mrabaha wa “asilimia 10 ya mapato halisi ya Mchapishaji” na malipo ya awali, ambayo wengi huyaita advansi, ya shilingi 600,000. Bei ya jalada ni shilingi 10,000. Mwalimu amepiga hesabu kichwani: shilingi 1,000 kwa kila nakala. Amekosea, kwa sababu amesoma “asilimia 10” akaruka maneno yaliyofuata.

Mapato halisi ni kile kinachomfikia mchapishaji baada ya muuza vitabu kupata punguzo lake. Tuseme punguzo ni asilimia 40. Mchapishaji anapokea shilingi 6,000, na mwalimu anapata 600. Asilimia ni ileile, ila msingi wa hesabu umebadilika. Ili mrabaha wa mapato halisi ulingane na asilimia 10 ya bei ya jalada katika mfano huu, ungepaswa kuwa karibu asilimia 17. Hatusemi kwamba kulipa kwa mapato halisi ni hila. Ni utaratibu halali na wachapishaji wengi waaminifu wanautumia. Tunachosema ni kwamba maneno “mapato halisi” lazima yafafanuliwe ndani ya mkataba wenyewe. Punguzo la muuza vitabu lina mantiki. Usafirishaji, matangazo, ghala na “gharama nyinginezo” vikiingizwa humo, hakuna mtu, hata sisi, atakayeweza kukuambia mapema utapata nini.

Sasa malipo ya awali. Hayo si zawadi wala bei ya kununua mswada. Ni mrabaha uliolipwa kabla ya kuchumwa, na mchapishaji atajilipa kwanza kutoka kwenye mrabaha wako mpaka fedha zake ziishe kurudi. Mwaka wa kwanza riwaya ya mwalimu inauza nakala 700. Mrabaha ni shilingi 420,000, zote zinaingia kufidia advansi, na bado zimebaki 180,000. Mwaka wa pili zinauzwa nakala 200, yaani shilingi 120,000. Zimebaki 60,000. Mwaka wa tatu nakala 40, shilingi 24,000. Miaka mitatu, nakala 940, na mwalimu hajapokea kitu zaidi ya ile advansi, wala hakuna aliyemdhulumu. Kama angelipwa kwa bei ya jalada, advansi ingefidiwa kwenye nakala ya 600 na kufikia mwisho wa mwaka wa tatu angekuwa amepokea shilingi 340,000 za ziada, kabla ya kodi ya zuio.

Zile 36,000 zilizobaki ndizo za kuangaliwa. Mkataba mzuri unasema malipo ya awali hayarudishwi, isipokuwa mwandishi akishindwa kuwasilisha mswada. Mkataba wa mwalimu unasema salio litafidiwa “kutoka katika kazi yoyote ya Mwandishi”. Maana yake kitabu chake cha pili kitaanza maisha kikiwa na deni la kitabu cha kwanza. Maneno hayo yafutwe kabla ya saini.

Tumefika kwenye kifungu ambacho hakuna anayekiuliza: haki zinarudi lini? Kwa sheria yetu ya mwaka 1999, hakimiliki ya riwaya hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mkataba unaosema haki ni za mchapishaji “kwa muda wote wa hakimiliki” unawafunga wajukuu wako. Ndiyo sababu ya kuwa na kifungu cha kurejea kwa haki. Cha mwalimu kinasema haki zitarejea “endapo kitabu hakitapatikana kwa namna yoyote”. Kinasomeka vizuri, lakini hakina kazi. Faili moja la kitabu cha kielektroniki likiachwa kwenye duka la mtandaoni, kitabu “kinapatikana” hata kama hakuna nakala hata moja kwenye duka lolote kuanzia Barabara ya Kwanza hadi ya mwisho.

Kipimo kiwe mauzo, siyo kupatikana. Kwa mfano: mauzo ya namna zote yakiwa chini ya nakala 50 kwa miezi 12 mfululizo, mwandishi anaweza kutoa notisi ya kudai haki zake zirejee. Namba ni ya kujadiliana. Kinachotakiwa ni kwamba iwepo. Na ili uijue, mkataba umlazimishe mchapishaji kukupa taarifa ya mauzo walau mara moja kwa mwaka, ikionyesha nakala zilizochapwa, zilizouzwa, zilizorudishwa kutoka madukani na zilizotolewa bure. Bila taarifa hiyo huna cha kupimia.

Utaratibu wenyewe usomwe polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wanajiharibia. Notisi ni barua, si simu, wala si ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Itaje jina la kitabu, tarehe ya mkataba na namba ya kifungu. Ipelekwe kwa anwani iliyoandikwa kwenye mkataba, isainiwe kwenye kitabu cha kupokelea au itumwe kwa njia yenye stakabadhi, na ubaki na nakala yenye mhuri. Kuanzia siku iliyopokelewa, mchapishaji anapewa muda, kwa kawaida miezi sita, achape upya. Akichapa, haki zinabaki kwake. Asipochapa, haki zinarejea, na kifungu kiseme wazi zinarejea “bila kuhitaji hatua nyingine”.

Kabla muda huo haujaisha, usimpe mchapishaji mwingine mswada huo. Tumekuwa na mwandishi aliyepeleka barua Jumatatu, na wiki hiyohiyo akasaini kwingine. Yeye ndiye aliyevunja mkataba, na alistaajabu tulipomweleza hivyo. Kinyume chake, mchapishaji anayechapa nakala mpya baada ya haki kurejea anakiuka hakimiliki na anaweza kushtakiwa. Kuuza nakala zilizokwisha chapwa ni jambo tofauti: mikataba mingi humruhusu azimalize, huku akilipa mrabaha kama kawaida.

Kinachorudi ni maandishi yako. Picha ya jalada na faili lililopangwa kurasa huenda si mali yako, na leseni ya tafsiri iliyotolewa mapema huendelea hadi muda wake uishe. Mwisho, omba barua ya mchapishaji yenye saini inayokiri kwamba haki zimerejea, hasa kama ulikuwa umezihamisha zote. Mchapishaji mpya ataitaka barua hiyo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza wa mswada.