Pampu inapozunguka bila maji, breka haikati

Kila kiangazi mgao wa maji ukibana Dodoma, malalamiko ya pampu zilizoungua huongezeka kwetu, mamlaka ya maji. Wengi huja wakisema umeme ulizidi nguvu, au kwamba maji yetu ya visima ndiyo yameharibu mota. Tukifungua pampu, mara nyingi tunakuta jambo jingine: tenki la chini liliisha maji, floti swichi, ile swichi inayoelea ndani ya tenki, haikukata umeme, na pampu ikaendelea kuzunguka tupu hadi sili inayozuia maji yasivuje ikaungua na impela ya plastiki inayosukuma maji ikajikunja.

Jibu tunalolisikia kila mara ni hili: "Lakini nina breka nzuri." Tuliweke sawa hapa, kwa sababu dhana hii ndiyo inayogharimu watu pampu. Breka hukata umeme unapozidi, na ovaloodi hufanya kazi kwa msingi huohuo. Pampu isiyo na maji haina mzigo wa kusukuma, kwa hiyo umeme wake hupungua. Pampu ya farasi 1 inayovuta ampea 4.6 ikipandisha maji inaweza kushuka hadi ampea 3 hivi ikiwa tupu. Kwa breka ya ampea 16, hali zote mbili ni za kawaida.

Hata kinga ya joto iliyo ndani ya mota haitoshi. Inapima joto la waya za mota, na mota ya pampu ya juu ya ardhi hupozwa na feni yake yenyewe. Joto linazaliwa kwingine, kwenye sili, mahali ambapo uso wa kaboni unasuguana na uso wa kauri. Maji ndiyo hulainisha na kupoza nyuso hizo. Yakikosekana, dakika chache zinatosha kuziharibu. Maji kidogo yaliyobaki ndani ya kichwa cha pampu huchemka, na baadaye utaona matone yakivuja kati ya pampu na mota. Ukiyapuuza, maji hayo huingia kwenye beringi, na hapo mota nayo inaelekea kuharibika.

Chukua nyumba ya kawaida ya Nkuhungu au Ilazo: tenki la lita 5,000 chini, la lita 2,000 juu ya mnara, na pampu ya farasi 1 inayopandisha lita 40 kwa dakika. Kulijaza tenki la juu kunachukua dakika 50. Kuna floti mbili zilizofungwa kwa mfululizo: ya juu huwasha maji yakipungua, ya chini huzuia pampu kama hakuna cha kuvuta. Usiku tenki la juu linaita maji, la chini limebaki na maji ya dakika 10 tu, na floti ya chini imenasa. Pampu itazunguka tupu hadi mtu aamke, na uniti za Luku zinaendelea kukatika.

Floti inanasa kwa sababu zinazofahamika. Ya kwanza ni miguso yake kuungana. Mota inapoanza huvuta umeme mara 4 hadi 6 ya kawaida, na umeme huo wote ukipita kwenye swichi ndogo iliyo ndani ya floti, cheche huyeyusha miguso kidogo kidogo hadi ishikane. Ya pili ni chumvi. Maji ya visima vya hapa kwetu ni magumu. Ukoko mweupe unaoujua kwenye birika hujijenga pia kwenye floti na waya wake, ikawa nzito au ikagandamana na ukuta wa tenki. Ya tatu ni ufa: maji huingia ndani ya floti.

Kuitambua si kazi kubwa. Zima swichi kuu, hakikisha kwa testa kwamba umeme haupo, kisha toa floti nje. Itikise: ukisikia maji ndani, itupe. Pima kwa mita waya mbili zinazotumika, floti ikiwa imetazama juu, halafu chini. Mita ikilia kwenye hali moja tu, ni nzima. Ikilia kwenye zote mbili, miguso imeungana. Usiamini rangi za waya, kwani watengenezaji hutofautiana. Mita ndiyo itakuonyesha waya upi ni wa pamoja.

Kuna kosa jingine ambalo, tuseme wazi, wenye nyumba hulifanya kwa makusudi. Wanashusha floti hadi karibu na sakafu ya tenki "ili maji yasibaki bure." Floti ya chini ikate umeme maji yakiwa angalau sentimita 15 juu ya mdomo wa bomba la kuvuta, la sivyo pampu huvuta hewa kabla maji hayajaisha. Kwenye tenki la lita 5,000 lenye kipenyo cha mita 1.8, sentimita hizo 15 ni kama lita 380. Hizo bado utazichota kwa ndoo, hazijapotea.

Kinga ya kwanza tunayoishauri ni kontakta, swichi kubwa inayowashwa na umeme mdogo wa koili yake. Floti iwashe koili ya kontakta tu, na kontakta ndiyo ibebe umeme wa mota. Ikiwa koili ni ya volti 24 kupitia transfoma ndogo, unapata faida ya pili: waya unaoingia kwenye maji ya kunywa haubebi volti 230. Kama floti yako bado ni ya volti 230, swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, ni lazima, pamoja na ethi inayofanya kazi.

Lakini kontakta haiondoi chumvi. Kwa hiyo kinga ya pili isitegemee floti kabisa: relei ya umeme mdogo, inayokata umeme unaposhuka badala ya unapopanda. Fundi apime kwa klampu mita pampu ikipandisha maji, tuseme ampea 4.6. Kisha afunge koki ya upande wa kuvuta kwa sekunde chache, asome tena, tuseme 3.0, na azime mara moja. Relei iwekwe katikati, 3.8, na isubiri sekunde 5 hadi 10 kabla ya kukata. Vipimo vifanywe kwenye pampu yako mwenyewe. Kunakili namba ya jirani hakufai. Pale volti inaposhuka sana jioni, apime na wakati huo pia.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, kama Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inavyotaka. Mwombe akuonyeshe leseni, angalia daraja lake na tarehe ya mwisho.

Wapo wanaochoka na floti wakaunganisha pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Hilo ni kosa. Huvuta uchafu kupitia mivujo ya bomba na kumnyima jirani maji, na mgao ukikata, pampu hubaki inavuta hewa vilevile. Tukibaini, huduma husitishwa. Kurudishiwa kunahitaji pampu iondolewe, mkaguzi afike, na ada zilipwe, kwa mpangilio huo.

Ukikuta pampu imezunguka tupu na kichwa kina moto, zima na uiache ipoe kwa saa nzima. Usifungue kizibo cha kujazia maji, mvuke utakuunguza. Usiimwagie maji baridi, kauri ya sili hupasuka. Na ukiweka relei, usiiruhusu ijaribu kuwasha pampu kila baada ya dakika 5: wakati wa mgao tenki halijai kwa dakika 5, na kila jaribio ni sekunde nyingine za kusugua sili kavu. Iwekwe saa moja au zaidi, au iwashwe kwa mkono baada ya mtu kufungua mfuniko na kuyaona maji.