Mtoto wa Kimasai akiinama, mguse kichwa

Mwenyekiti, wazee wa rika zote, akina mama, na ninyi walimu wageni mliokaa pale chini ya mgunga. Mzazi mwingine kaniletea malalamiko ya shule: eti mtoto wake hajiamini, hatazami watu machoni, lazima ana jambo analificha. Maneno haya nimeyachoka.

Mwalimu, wewe kwenu mdogo ndiye anayeanza: "Shikamoo." Usipoisikia, unasema mtoto hana adabu. Kwetu mtoto hatangulii kusema. Anakuja mpaka karibu, anasimama mbele yako, anainamisha kichwa kidogo na kutazama chini, kisha ananyamaza. Anasubiri mkono wako. Unamgusa utosini kwa kiganja, taratibu, unamwambia mvulana "Supai", naye anajibu "Ipa". Msichana unamwambia "Takwenya", anajibu "Iko". Hapo salamu imekwisha, anainua uso, na ukitaka habari za ng'ombe atakupa mpaka uchoke.

Sasa wewe unamshika kidevu, unamwinua, "Nitazame ninapoongea na wewe!" Umeikata salamu katikati, halafu unashangaa mtoto kubabaika.

Mwenye hofu anajulikana. Hasogei, anapita nyuma ya nyumba, na hata ukishamsalimu haunyanyui uso. Huyo mfuatilie, ana shida. Aliyevuka uwanja mzima kukuletea kichwa chake hakuogopi. Mtazame baada ya kumgusa, wala si kabla.

Wengine wanasema kuinama ni kwa watoto wa kike tu. Si kweli: layoni, mvulana ambaye hajatahiriwa, naye huinama. Akishakuwa morani mambo hubadilika, marika wenzake watampa mkono.

Na wanaosema tunahesabu miaka, wamekosea pia. Tunatazama rika, yaani kundi la wanaume waliotahiriwa kipindi kimoja. Binti ambaye baba yake ni wa rika la Landisi humwinamia mwanamume yeyote wa Landisi, hata yule mdogo kabisa katika rika hilo, hata kama binti mwenyewe sasa ni mama wa watoto wanne. Kwake wote hao ni baba. Ndiyo maana mgeni humwona mama mzima akimwinamia mtu anayelingana naye, akadhani anaonewa. Baba huyo naye amefungwa: binti wa mwanarika mwenzake hawezi kumposa.

Kuna walokole wanaouliza kama huku ni kumsujudia binadamu. Hapana. Goti halijagusa ardhi, na hakuna dua iliyoombwa. Tuendelee.

Lakini wazee, na ninyi nina neno nanyi. Juzi mnadani nimeona mtoto ameinama mbele ya mzee anayebishana bei ya dume kwenye simu. Mtoto kasubiri, shingo imechoka, kaondoka bila kuguswa. Kesho akipita bila kuinama, msimwite mzazi wake kwenye kikao. Simu mkono wa kushoto, wa kulia umguse mtoto.