Bibi hajalala: ukurasa ninaoufungua kwanza katika kitabu cha mtoto aliyefiwa

Mtoto wa miaka minne na nusu aliletwa kwangu wiki tatu baada ya kufiwa na bibi yake. Hakuwa akilia sana. Shida ilikuwa kwamba hataki kulala. Ikifika saa mbili usiku anaanza kuhangaika, akilala anashtuka, na usiku wa manane anakwenda kumtikisa mama yake mpaka afumbue macho. Mama alinieleza kuwa hawakumficha mtoto msiba, na walikuwa wamemnunulia hata kitabu cha picha kuhusu bibi anayeaga dunia. Nikaomba nikione. Katikati ya kitabu kulikuwa na picha nzuri ya bibi kitandani, na chini yake maneno haya: "Usiku ule bibi alifumba macho, akalala usingizi mtamu usio na mwisho."

Mtoto alikuwa ameelewa kila neno, kwa hiyo alikuwa anamlinda mama yake.

Kazi yangu ni kuwashauri watoto waliofiwa, na vitabu ni sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mzazi akiniletea kitabu kuhusu kifo cha bibi au babu, naruka mwanzo na kufungua moja kwa moja ukurasa ambao mhusika anakufa. Hapo ndipo waandishi wengi huogopa. Wanachora vizuri, wanasimulia upendo vizuri, kisha wakifika kwenye kifo chenyewe wanakimbilia usingizi, safari, au nyota angani. Mtu mzima anajua hizo ni tafsida. Mtoto mdogo hajui. Ukimwambia babu amesafiri, atamngoja. Ukimwambia amegeuka nyota, usiku wenye mawingu utakuwa na maswali yake.

Mwaka 1984 watafiti Speece na Brent walipitia tafiti nyingi za wenzao kuhusu namna watoto wanavyoelewa kifo. Walionyesha kuwa tunachokiita kifo kina mambo matatu ndani yake: aliyekufa hawezi kurudi, mwili wake haufanyi kazi tena hata kidogo, na kila kilicho hai kitakufa. Watoto wengi huyashika yote matatu kati ya miaka mitano na saba. Kabla ya hapo wanaweza kulijua moja na kulikosa jingine. Ndiyo maana mtoto yule yule anaweza kukwambia kwa utulivu kuwa babu amekufa, kisha akauliza babu anakula nini huko alipo.

Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, mimi naanza na hilo la pili, la mwili. Sababu ni hii: ukimwambia tu "bibi harudi", anaweza kusikia kwamba bibi hataki kurudi, labda amemkasirikia. Akishaelewa kuwa mwili wa bibi umeacha kufanya kazi, unaweza kumwambia "bibi hawezi kurudi", na hapo hakuna aliyemkataa mwenzake. Kwa hiyo katika ukurasa ule natafuta sentensi kuhusu mwili: moyo umesimama, hapumui, hasikii baridi wala maumivu, hana njaa.

Natafuta pia neno "kufa". Najua linavyotukwaza. Kwa mtu tunayemheshimu tunasema amefariki, ametutoka, ametangulia, na kumtamka bibi kwamba "amekufa" kunasikika kama kumvunjia heshima. Lakini mtoto wa miaka minne mara nyingi hajawahi kusikia "kufariki". Alichoona ni mdudu aliyekufa, au ua lililokufa. Kwa hiyo siwaambii wazazi waache lugha ya heshima, nawaomba waiunganishe na neno analolijua: "Bibi amefariki. Kufariki maana yake ni kufa."

Kitabu cha yule mtoto hatukukitupa, kwa sababu alikuwa ameshakizoea na alizipenda picha zake. Mimi na mama yake tulikata karatasi, tukaibandika juu ya sentensi ile ya usingizi, na mama akaandika kwa mkono wake: "Bibi aliugua ugonjwa mkubwa sana, si kama mafua yetu. Madaktari walijaribu, lakini mwili wake ulishindwa kuendelea kufanya kazi. Bibi akafa. Hakulala. Anayelala mwili wake bado unafanya kazi, na ataamka." Maneno ya mafua hayakuwekwa bure. Mtoto akisikia kuwa bibi aliumwa akafa, wiki inayofuata akipata kikohozi anaanza kuogopa. Hata neno "mzee" peke yake ni la hatari, maana kwake mama wa miaka thelathini ni mzee pia.

Familia hiyo ni ya watu wa imani, na mama aliniuliza kama amnyime mtoto habari za mbinguni. Hapana. Nilimshauri afuate mpangilio tu: kwanza mwili ulivyoacha kufanya kazi, kisha wanachoamini. Kukitangulia "yuko mbinguni" peke yake, mtoto anauliza kwa nini tusiende kumtembelea.

Nilimwomba asome mchana, si wakati wa kulala, na kabla ya hapo ajisomee peke yake kwa sauti mara mbili ili ajue sauti inamkatika wapi. Akilia mbele ya mtoto si kosa, mradi aseme: "Nalia kwa sababu nimemkumbuka bibi. Nitanyamaza baadaye." Akimaliza ukurasa ule, anyamaze kidogo na kumwachia mtoto nafasi. Watoto wadogo huingia kwenye huzuni na kutoka haraka. Mtoto huyu alisikiliza ukurasa, akauliza nani atavaa viatu vya bibi, akaenda kucheza. Kesho yake akakitaka kitabu tena, na tena, kwa siku nyingi. Mama alidhani kurudia kule ni dalili mbaya, kumbe mtoto alikuwa anahakikisha kwamba jibu bado ni lile lile.

Siku ya nne au ya tano ndipo lilipotoka jambo ambalo hakuna aliyelijua. Akiwa ameweka kidole kwenye ile karatasi alisema, "Nilimwambia bibi simpendi." Watoto wa umri huu huamini kwamba maneno na hasira zao zinaweza kusababisha mambo, na wengi hawalisemi hilo mpaka wapate mahali pa kulisemea. Mama alimjibu vizuri: "Maneno hayawezi kumuua mtu. Bibi aliuawa na ugonjwa. Na alijua unampenda hata siku ulipokasirika."

Kitabu kina mpaka wake. Kukojoa kitandani tena au kung'ang'ania mzazi kwa wiki kadhaa ni kawaida. Lakini mtoto akiacha kucheza kabisa, akikataa chakula, hofu ikizidi badala ya kupungua miezi inavyopita, au akisema anataka kufa ili amfuate bibi, mpeleke kwa mtaalamu. Kauli hiyo ya mwisho kwa mtoto mdogo mara nyingi ni hamu ya kumwona, ila usibahatishe; muulize kwa upole anamaanisha nini, na mpeleke hata kama jibu lake linakutuliza.

Usingizi wa yule mtoto haukurudi kwa siku moja. Mama alimfundisha kuweka kiganja kifuani pake na kuhisi kinavyopanda na kushuka: mwili unafanya kazi. Mara ya mwisho tulipoonana aliniambia kuna usiku bado mtoto anakuja chumbani. Hamtikisi tena. Anaweka mkono kifuani pa mama, anasimama hapo kidogo, kisha anarudi kitandani kwake.