Je, wajua: juu ya nini dola 19.99 zinageuka 39.96?

"Mteja wa hapa Goma amelipa dola 19.99 kwenye apli yetu, kwa simu, mara moja tu. Kwenye konti yake nakuta 39.96. Hii hesabu imetokea wapi?"

Gawanya hiyo namba kwa mbili kwanza. Unapata 19.98. Ingekuwa 39.98 ningesema malipo yameandikwa mara mbili basi, lakini hapa kila mara imepotea senti moja, kwa hiyo uko na makosa mawili tofauti yamekutana kwenye mteja mmoja, na moja halijui habari za lingine.

Tuanze na senti. Nabashiri kwenye kode yako kuna mstari unafanana na huu:

```php
$senti = (int) ($kiasi * 100);
```

Ukiutazama uko sawa kabisa, dola mara mia inatoa senti. Shida ni kwamba kompyuta inaweka namba zenye nukta kwa sehemu za mbili mbili: nusu, robo, thumuni, na kushuka hivyo. Nusu na robo zinaingia bila shida, lakini senti moja ni sehemu ya mia, na mia iko na tano ndani yake, hauwezi kuijenga kwa nusu za nusu hata ushuke mpaka wapi. Ni ile ile hata sisi tukiandika 1 gawanya kwa 3, tunaandika 0.333 mpaka tunachoka. Kompyuta nayo inakata mahali, na 19.99 inabaki kumbukumbuni kama 19.98999999999999843 hivi. Ukiizidisha kwa 100 unapata 1998.9999999999998, halafu `(int)` haisogezi namba kwenye namba nzima iliyo karibu, inakata tu kila kitu baada ya nukta. Ndiyo hapo 1998.

Kinachofanya kosa hili likae miezi bila kuonekana ni vile watu wanajaribu apli. Mtu anajaribu na dola 10, dola 5, labda 20.50, na zote zinatoka sawa juu nusu inaingia nzima. Jaribu na 19.99, na 4.35, na 8.20, na 0.29, hizo zote nne zinapoteza senti kwa huo mstari, na kama majaribio yako hayana hata moja ya namba hizo, haujajaribu kitu bado.

Dawa ni kuandika `(int) round($kiasi * 100)` pale pesa inapoingia, halafu kutoka hapo mpaka mwisho ubaki na senti kama namba nzima, kwenye databesi pia, usirudi tena kwenye nukta mpaka wakati wa kumuonesha mteja. Mie naona `round` mlangoni ni sawa, lakini ukianza kuiweka kila mahali ndani ya kode ili hesabu "zikubali", hapo unaficha kitu.

Na kwa huku kwetu angalia hiyo mia yenyewe. Dola iko na senti mia, franka ya Kongo kwenye kanuni za ISO 4217 nayo iko na desimali mbili hata kama hizo santimu hakuna anayezishika mkononi, lakini franka ya Rwanda iko na desimali sifuri. Mteja akivuka Gisenyi akalipa kwa franka za kule na wewe unazidisha kwa mia tu kila kitu, hiyo siyo senti tena imepotea. Pia usigeuze pesa kwenda na kurudi: tuseme dola moja iko franka za Kongo 2,800, franka 10,000 zinakuwa dola 3.57, ukizirudisha zinakuwa franka 9,996. Hapo kompyuta haina kosa, ni wewe umetupa mabaki. Andika kiasi kilicholipwa, kwa pesa ileile iliyolipwa, na kiwango cha siku hiyo pembeni.

Sasa ile mara mbili. Mteja akishaweka pin, serveri ya kampuni ya pesa inatuma kolbeki kwa serveri yako: malipo fulani yamepita. Halafu inangoja jibu 200, yaani imepokelewa. Serveri yako inaongeza pesa kwenye konti, na kabla ya kujibu rezo inakatika ao databesi ilikuwa nzito na muda ukaisha. Kwa upande wao hakuna jibu, hawana namna ya kujua kama haukusikia ao ulisikia ukashindwa kujibu, kwa hiyo wanatuma tena. Ni sawa na mtu kwenye simu mbovu anarudia "umenisikia?". Hawajakosea, afadhali wakurudilie kuliko malipo yapotee. Kazi ya kutambua marudio ni yako.

Wengi wanafanya hivi: kwanza SELECT kwenye databesi, kama txn_id, ile namba ya malipo inayokuja na kolbeki, haiko, ongeza pesa. Inaonekana inatosha, mpaka siku kolbeki mbili zinaingia kwa wakati mmoja, zote mbili zinauliza, zote mbili zinaambiwa haiko, zote mbili zinaongeza. Usiulize kwanza, acha databesi yenyewe ikatae. Weka UNIQUE kwenye txn_id, halafu (hii ni PostgreSQL):

```sql
INSERT INTO malipo (txn_id, senti)
VALUES ('A71', 1999)
ON CONFLICT (txn_id) DO NOTHING;
```

Kama mstari mmoja umeingia, ongeza pesa kwenye konti. Kama sifuri, ni marudio, usiguse konti, ila jibu 200 hivyo hivyo, juu ukijibu kosa watarudia tena na tena. Na hiyo INSERT pamoja na kuongeza konti vikae ndani ya BEGIN na COMMIT moja. Ukivitenganisha, kuran ikikatika katikati, txn_id imeshaandikwa na pesa haijaongezwa, kolbeki ya pili inakuja unaikataa, mteja amelipa hana kitu. Hilo ni baya kuliko la kwanza.

Txn_id iwe ile ya kampuni, siyo moja unajitungia kolbeki inapofika, hiyo itakuwa mpya kila mara na UNIQUE haitashika kitu. Wala usichanganye namba ya simu na kiasi na dakika, mtu anaweza kununua kitu kilekile mara mbili na ni haki yake. Na kuwa makini kama kampuni inatuma kwanza "inangoja" halafu "imepita" na id moja: andika kwenye hiyo meza zile za "imepita" tu, la sivyo ya kwanza itafunga mlango kwa ya pili.

Kutafuta wengine waliopata ya namna hii, kabla ya kuweka UNIQUE (haitakubali kuwekwa kama marudio yamo):

```sql
SELECT txn_id, COUNT(*) FROM malipo
GROUP BY txn_id HAVING COUNT(*) > 1;
```

Hiyo inaonesha marudio tu. Senti zilizopotea utazikuta ukilinganisha mstari kwa mstari na taarifa ya kampuni, kila malipo yamepungua moja kamili ni ya `(int)`.

Kwa huyu mteja wako usifute mistari wala usiandike 1999 juu ya 3996, kesho hakuna atakayejua nini kilitokea. Andika marekebisho mawili mapya, kutoa 1998 kwa ajili ya kolbeki iliyorudiwa, na kuongeza 1 kwa ajili ya senti iliyokatwa. Na kama ameshatumia hizo za ziada, mpigie kabla ya kutoa, asije akakuta konti yake iko chini ya sifuri.