Kaka anapoomba kusimamia mali ya dada mgonjwa wa akili: dhana na ukweli

Dhana: Akishapimwa na kukutwa na skizofrenia, mahakama itampa kaka mali aisimamie.

Jina la ugonjwa halitoshi. Mahakama inataka kujua kama mgonjwa anaelewa mambo ya fedha na kuyaamulia. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa 2006, inatambua haki yao ya kumiliki mali na kuendesha fedha zao sawa na wengine. Inataka pia hatua zinazogusa haki hizo ziwe za muda mfupi iwezekanavyo na zipitiwe mara kwa mara.

Maombi mengi hukwama kwenye kuthibitisha kwamba mgonjwa hawezi kuamua mambo ya fedha. Tuchukue mfano wa dada mwenye nyumba ya kupangisha. Kodi inaingia benki, lakini hawezi kuitoa, na dawa zimeisha. Kaka analeta barua ya daktari yenye sentensi moja: “Anaugua ugonjwa wa akili.” Barua hiyo haimsaidii hakimu. Ripoti inayofaa hueleza daktari alimwona lini, dada anashindwa kuamua nini hasa, na kama kuna dalili ya kupata nafuu. Hati ya kiapo ya kaka nayo iorodheshe nyumba, akaunti na madeni, na iseme fedha zinahitajika kwa matumizi gani.

Dhana: Kaka wa damu haulizwi.

Anaulizwa sana. Kama dada ana mume au watoto wazima, kaka aeleze kwa nini ameomba yeye na si wao, na aambatishe ridhaa zao za maandishi. Ndugu aliyefichwa akija kupinga, shauri huchelewa, na hakimu huanza kujiuliza kwa nini alifichwa. Dada mwenyewe naye ajulishwe na, inapowezekana, asikilizwe. Naliona hili la kwanza kabisa, maana mali ni yake.

Dhana: Amri ikitoka, kaka anaweza kuuza.

Hii ndiyo dhana inayoumiza familia. Nyumba inabaki kwa jina la dada. Msimamizi hukusanya kodi, hulipa matibabu na kufanya matengenezo, yote ndani ya mipaka ya amri. Kuuza au kuweka rehani kwa kawaida huhitaji ruhusa nyingine ya mahakama, nayo hutaka sababu, tathmini ya thamani ya nyumba na maelezo ya fedha zitakakokwenda.

Kaka afungue akaunti tofauti kwa fedha za dada tu na atunze kila risiti, kwa sababu mahakama hudai hesabu. Kodi ikiingia kwenye akaunti yake binafsi, hata akiitumia yote kwa dawa, atapata shida kuthibitisha.

Dhana: Usimamizi ni wa maisha.

Dada akipata nafuu, anaweza kuiomba mahakama iondoe amri, akiwa na ripoti mpya ya daktari. Kaka hutoa hesabu ya mwisho na kumkabidhi mali yake.