Mstari Mwekundu Ukitoweka, Barua ya Kifaransa Haijawa Safi

Kuna sentensi moja ambayo wateja wangu hapa Mwanza hunitamkia wakiwa na imani kamili: "Mwalimu, hii imeshapita kwenye kompyuta, haina hata mstari mmoja mwekundu, wewe ipitie haraka tu." Nimeisikia tena juma hili, kutoka kwa ndugu anayesafirisha minofu ya sangara kwenda Goma, naye alikuwa ameshika barua ambayo ingeweza kumgombanisha na mnunuzi wake. Nimeona niandike mara moja, kwa urefu, kile ambacho huwa nakieleza nikiwa nimesimama mlangoni na mtu ana haraka ya kuwahi gari.

Nianze kwa kusema kwamba visahihishi vya Kifaransa ni vyombo vizuri, navyo huvitumia kila siku. Antidote, Grammalecte na LanguageTool hukamata makosa ambayo jicho langu lililochoka lingeyapita: herufi iliyorudiwa, alama ya juu ya herufi iliyosahauliwa, kitenzi kisichopatana na kiima. Lakini swali ambalo chombo cha namna hii hujiuliza ni moja tu, yaani kama sentensi hii inawezekana katika Kifaransa. Kama ndiyo uliyokusudia kuisema, hilo chombo hakiwezi kulijua, kwa sababu hakikuwapo pale kiwandani wakati mizani inasomwa.

Hii hapa barua yenyewe, nikiwa nimeifupisha na kuondoa majina:

« Madame,
Les 120 caisses de filets que nous avons pesés hier à l'usine totalisent 2,400 kg. Nous vous avons informé du nouveau prix. Je vous enverrais la facture dès réception de l'acompte. »

Hakuna neno hata moja hapo ambalo halimo katika kamusi, wala sentensi ambayo sarufi inaikataa. Hata hivyo kila sentensi ina neno, au tarakimu, inayosema jambo ambalo mwandishi hakulikusudia.

Tuanze na *pesés*, kwa sababu ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mwandishi aliniambia kwamba mwanzoni alikuwa ameandika *pesé*, programu ikapiga mstari, akabofya pendekezo lililotokea, mstari ukatoweka. Programu ilikuwa na haki ya kupiga mstari: baada ya kitenzi kisaidizi *avoir*, partisipi, yaani umbo la kitenzi kama *pesé*, hupatana na shamirisho kipozi, yaani kile kinachotendwa, ikiwa shamirisho hiyo imetangulia, na hapa *que* imetangulia. Tatizo ni kwamba *que* inarejelea nini. Ikirejelea *caisses*, ambayo ni nomino ya kike, tunaandika *pesées*, na maana yake ni kwamba masanduku ndiyo yaliyopandishwa kwenye mizani. Ikirejelea *filets*, nomino ya kiume, tunaandika *pesés*, na maana yake ni kwamba minofu yenyewe ndiyo iliyopimwa. Kwa sikio hakuna tofauti yoyote, kwa kuwa maneno haya mawili hutamkwa sawasawa. Kwa mfanyabiashara, tofauti ni ile iliyopo kati ya uzito wa jumla na uzito halisi.

Nikamuuliza: "Ndugu yangu, jana mlipima sanduku zima au mlipima minofu?" Akajibu kwamba walipima sanduku zima, kilo 20 kila moja, pamoja na kifungashio chenye uzito wa karibu kilo 2. Kwa hiyo katika kilo 2400 zinazotajwa kuna takriban kilo 240 ambazo si samaki, na barua yake, kwa herufi moja tu, ilikuwa inamwambia mnunuzi kwamba zote ni samaki. Mnunuzi akipima upya kule Goma na kukuta kilo 2160 za minofu, atakuwa na barua mkononi inayomthibitishia kwamba ameibiwa, na hakuna kisahihishi kitakachokuja kumtetea mwandishi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vya shule hulipita kimya. Mwanasarufi mkali anaweza kudai kwamba *filets* katika sentensi hii haifai kubeba *que*, kwa kuwa haina kibainishi kama *les* mbele yake, na kwamba jibu ni *pesées* bila mjadala. Sina uhakika kama anayo haki kamili. Waandishi wazuri huandika kikapu cha matunda ambayo "nimeyachuma" wakilipatanisha neno na matunda, si na kikapu, na hakuna anayewakemea. Katika miundo ya aina hii, ambapo nomino ya kwanza inataja chombo au kiasi na ya pili inataja kilichomo, sarufi humwachia mwandishi aamue kwa maana. Ndiyo sababu mashine hunyamaza, na ndiyo sababu mimi siwezi kuamua nikiwa mezani kwangu bila kumuuliza aliyekuwa kiwandani. Mhariri anayesahihisha *pesés* kuwa *pesées* kwa kukariri kanuni anabahatisha sawa na programu.

Njia salama ni kutoiacha maana ya biashara itegemee herufi isiyosikika. Andika *le poids brut* kama ulipima na kifungashio, andika *le poids net* kama ulipima minofu peke yake, na mjadala wote wa partisipi unakwisha.

Namba nitaipitia kwa haraka, ingawa ndiyo inayoweza kuleta hasara kubwa zaidi. Sisi tumezoea kutenga maelfu kwa mkato, lakini katika Kifaransa mkato hutenga desimali. Kwa hiyo *2,400 kg* kwa msomaji wa Goma ni kilo mbili na gramu mia nne. Katika masanduku 120 atagundua kwamba kuna kasoro, lakini andika *1,250 kg* kwenye mstari unaoeleza mzigo mdogo na hakuna atakayegundua kitu, kwa kuwa kilo moja na robo nayo ni kiasi kinachowezekana. Programu haiwezi kukuonya, kwani maandishi yote mawili ni halali. Andika *2 400 kg* kwa kuacha nafasi, tena nafasi isiyokatika, ambayo katika Word hupatikana kwa kubonyeza Ctrl+Shift+Space, ili 2 isibaki mwisho wa mstari na 400 ikashukia mstari unaofuata.

Sasa *Nous vous avons informé*. Barua inaanza na *Madame*, basi aliyearifiwa ni mwanamke mmoja, na inatakiwa kuwa *informée*. Visahihishi vingi hufanya kazi sentensi kwa sentensi, na katika sentensi hii peke yake *vous* inaweza kuwa mwanamume, mwanamke, kundi la wanaume au kundi la wanawake, kwa hiyo *informé*, *informée*, *informés* na *informées* zote zinakubalika. Sisi tuliokulia katika Kiswahili tunateleza hapa kwa urahisi, kwa sababu lugha yetu haituulizi jinsia ya mtu tunapomwandikia. Hata mwandishi mwenyewe akiwa mwanamke huandika *je suis arrivé*, na programu, isiyomjua, inamwacha apite.

Ila naomba mtu asitoke hapa akaanza kubandika *e* kila mahali anapomwandikia mama. *Nous vous avons communiqué le prix* haibadiliki hata akiwa mwanamke, kwa kuwa kinachowasilishwa ni bei, na mama ni shamirisho kitondo, yaani anayewasilishiwa. Mtu huarifiwa juu ya kitu, lakini kitu huwasilishwa kwa mtu, na vitenzi hivi viwili vinakaa jirani katika kila barua ya biashara. Programu iliyo nzuri hukamata *communiquée* ya namna hii. Anayeikosa ni yule aliyekwishakuzima kisahihishi na kufanya marekebisho ya mwisho kwa mkono.

Imebaki *Je vous enverrais la facture*. Mwandishi alitaka kusema kwamba atatuma ankara, yaani *enverrai*, wakati ujao, ahadi. Alichoandika ni hali ya masharti: ningekutumia. Mnunuzi makini atajiuliza sharti ni lipi, na atasubiri kulipa malipo ya awali mpaka alielewe. Herufi moja tena, na wazungumzaji wengi wa Kifaransa hawatofautishi tena matamshi ya maneno haya mawili, ndiyo maana wao wenyewe hukosea kila siku. Kisahihishi kinaweza kusaidia pale sentensi inapokuwa na *si*, kwa kuwa *si vous confirmez* inadai *j'enverrai*, na *si vous confirmiez* inadai *j'enverrais*. Pasipo *si*, hakina pa kushika.

Kipimo ninachokitumia ni kubadili *je* iwe *nous* kwa muda. Ukijikuta unasema *nous vous enverrons*, basi andika *enverrai*. Ukijikuta unasema *nous vous enverrions*, basi andika *enverrais*. Tofauti iliyojificha katika nafsi ya kwanza umoja husikika waziwazi katika wingi. Ni kazi ya sekunde chache kwa kila kitenzi, na huifanya bila kuruka hata kimoja.

Kipimo hicho kina mpaka wake, nami siufichi. Katika barua rasmi kuna hali ya masharti ya adabu, kama *je souhaiterais* na *je voudrais*, ambayo haipaswi kuguswa. Na kuna *je vous serais reconnaissant*, ambayo utaiona pia kama *je vous serai reconnaissant*, zote kwa mikono ya watu wanaojua lugha. Ya kwanza ni ya upole zaidi. Ya pili ina uhakika zaidi. Kwa muda mrefu nimetafuta sababu ya kumkataza mtu mojawapo na sijaipata, kwa hiyo namwachia mwandishi aliyoichagua, mradi asizichanganye katika barua moja.

Kwa mpangilio wa kazi, kisahihishi hupita kwanza ili kifagie makosa ya kuandika, kisha nachapisha karatasi na kusoma mara ya kwanza tarakimu peke yake nikizilinganisha na ankara, mara ya pili kila *que* inayofuatwa na *avoir*, mara ya tatu kila kitenzi kinachoishia na -rai au -rais. Mwishoni kisahihishi hupita tena, kwa sababu mkono wangu nao huacha makosa mapya ninaporekebisha ya zamani.

Barua ya ndugu yule iliondoka hivi:

« Madame,
Le poids brut des 120 caisses, relevé hier à l'usine, est de 2 400 kg. Le poids net des filets est d'environ 2 160 kg. Nous vous avons informée du nouveau prix. Je vous enverrai la facture dès réception de l'acompte. »

Kabla haijaondoka nilimuuliza swali moja zaidi: je, taarifa ya bei mpya alipewa mama huyu mwenyewe, au ilitumwa kwa kampuni nzima? Akasema alimpigia simu yeye mwenyewe. Ndipo *informée* ikabaki.